Jopo la watu wanne, alama za mtu mmoja. Nimechoka na huu usanii!

Mshika Penseli (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe.

Juzi nilikaa kwenye jopo la usaili wa nafasi ya msimamizi wa ghala. Tulikuwa wanne: mwenyekiti, mama mmoja wa rasilimali watu, kijana wa uhasibu, na mimi niliyetoka idara ya ugavi. Wasailiwa sita. Kila mmoja wetu alikuwa na fomu yake yenye maswali manne, kila swali alama 1 hadi 5.

Mwenyekiti alichelewa akatuambia tuanze bila yeye. Msailiwa wa kwanza alipotoka, tulijaza fomu kimya kimya, ndipo tukazungumza. Swali la upungufu wa mzigo alipata 2 kwangu, 4 kwa mama na 3 kwa kijana. Tukabishana, mama akatukumbusha jibu ambalo mimi sikulisikia vizuri, nikaridhika kwamba nilimbana mno. Wa pili naye hivyo hivyo, 5, 3, 4. Nikasema moyoni, leo kazi inafanyika.

Mwenyekiti akaingia kwa msailiwa wa tatu. Kuanzia hapo, wakuu, fomu zote nne zikawa kama zimepigwa fotokopi. Wa tatu: 4, 4, 4, 4.

Kilichoniuma ni wa nne. Swali lilikuwa hivi: umehesabu mzigo, katoni 40 hazipo lakini kwenye vitabu zipo, unaanzia wapi? Huyu jamaa anaongea taratibu, ananyamaza, anafikiri. Akasema kwanza asingemtuhumu mtu. Angesimamisha utoaji wa bidhaa hiyo, alinganishe hati za kupokelea na za kutolea, aangalie kama kuna mtu aliingiza vipande mahali pa katoni, halafu hesabu irudiwe na mtu mwingine asiyeijua namba ya kwanza. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo kila siku, na wengine wote walijibu "nitamuuliza mlinzi". Nikaandika 4 kwa penseli.

Mlango haujafungwa vizuri, mwenyekiti akaguna: "Huyu mzito. Hajui hata anachokisema." Mama akatikisa kichwa kukubali. Kijana akacheka. Na mimi, aibu yangu, nikashika kifutio. Nikaandika 3.

Jioni nikapewa fomu nizipange kwenye faili. Ya kijana, chini ya ile 2, inaonekana wazi 5 iliyofutwa! Nikamuuliza mama pembeni, akasema hata yeye alikuwa na 4 kichwani ila aliandika 2. Kwa hiyo fomu zinasema 3, 2, 2 na 2 ya mwenyekiti, wastani 2.25. Tungeandika tulichokisikia ingekuwa 4, 5, 4 na hiyo 2, wastani 3.75. Na muhtasari umeandikwa "jopo limekubaliana kwa kauli moja". Kauli moja ya nani?

---

Chuma Chakavu

Pole mkuu, ila mnajisumbua. Dawa ni moja: kila mtu ajaze, katibu akusanye, apige wastani, mwende nyumbani. Kikao cha kujadili kifutwe kabisa. Kikao ndicho kinachowaharibu.

---

Nasubiri Barua

Mimi yalinikuta haya haya. Niliitwa usaili nikajibu vizuri kabisa, wakatabasamu mpaka nikajua kazi ninayo, wiki ya tatu sasa kimya. Mtoa mada, je, nikiandika barua ya rufaa niwaombe wanionyeshe fomu za alama?

---

Bi Mafaili

Mshika Penseli, kosa lilianza kabla mwenyekiti hajaguna. Mlimwachia nafasi ya kuguna.

Nimekuwa katibu wa majopo miaka mingi. Kwangu, msailiwa akitoka kuna dakika saba za ukimya. Hakuna anayeongea, hata "mmmh" siruhusu, na simu ya mtu ikiita anatoka nayo nje. Kila mmoja anaandika alama, na kando ya alama anaandika maneno aliyoyasikia, si hisia zake. "Hajiamini" si ushahidi. "Alitaja kulinganisha hati za kupokelea na kutolea" ni ushahidi. Anajaza kwa kalamu ya wino, anasaini, ananikabidhi mimi. Fomu ya mwisho ikifika mkononi mwangu ndipo mdomo wa kwanza unafunguka.

Wewe ulishika kifutio kwa sababu kifutio kilikuwepo, na kwa sababu kando ya 4 yako hapakuwa na kitu. Namba tupu haina pa kujishikia, mtu akiguna inaondoka. Ungekuwa umeandika zile hatua za jamaa, ungelazimika kufuta sentensi tatu, na mkono ungesita.

Chuma Chakavu, umesema nusu. Wastani ni mzuri kwa makosa ya kila mtu peke yake, mmoja mkali, mwingine mpole, yanapunguzana. Lakini rudi kwa msailiwa wa kwanza wa mtoa mada. Mama alisikia jibu ambalo mwenzake hakulisikia. Ukipiga wastani wa 2, 4 na 3 unapata 3, na kile alichokisikia mama kinazikwa humo ndani. Ndiyo maana mjadala unabaki, ila unakuja baada ya fomu kukabidhiwa.

---

Chuma Chakavu

Dada, hapo umenipata kidogo. Lakini watu wazima wenye akili zao wanayumbishwaje na mguno? Mimi siyumbi.

---

Bi Mafaili

Kila mtu husema hayumbi, kaka. Mwaka 1974 wanasaikolojia Tversky na Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la bahati walilolichezea lisimame kwenye 10 au 65 tu. Watu waliona namba, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona 10, jibu lao la kati lilikuwa 25. Walioona 65, lilikuwa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika na kila mtu aliliona likizunguka. Sasa weka mahali pake bosi anayesaini likizo yako.

Na haiishii kwenye namba. Ukishaambiwa "mzito", kila ukimya wa yule jamaa unaukumbuka kama uzito. Asingeguna mtu, ukimya ule ule ungeuita kufikiri.

---

Kiti cha Mbele

Mimi ni mwenyekiti wa majopo kazini kwetu, na huu uzi unanisema. Ngoja nijitetee. Nikinyamaza, wanajopo wananitazama usoni. Nikiandika haraka wanajua nimempenda. Nikiinua nyusi wanajua nimemkataa. Mara nyingi naongea ili nimalize huo ubashiri. Na tusidanganyane, nimeajiri watu wengi kuliko wao. Mtoa mada, una hakika gani kwamba yule mzito hakuwa mzito kweli?

---

Mshika Penseli

Mzee, sina hakika. Inawezekana mwenyekiti wetu alikuwa sahihi na sisi watatu tulikosea. Kinachonikera ni kwamba hakuna atakayejua, maana yale maoni matatu hayapo kwenye karatasi. Kama mlitaka la kwake peke yake, mngemwachia asaili peke yake, mimi nikabaki ghalani nikihesabu katoni.

---

Bi Mafaili

Kiti cha Mbele, uzoefu wako hakuna anayeutupa. Unaandikwa kwenye fomu yako kama wa wengine. Tatizo ni unapoutoa. Sisi fomu zikishakusanywa, nazisoma alama zote kwa mkupuo, kisha naacha maswali ambayo tumekaribiana. Tunaanza pale penye tofauti ya alama 2 au zaidi. Mwenye alama ya juu kabisa na mwenye ya chini kabisa wanasoma walichokiandika kando, wengine wanauliza. Mwenyekiti anaongea wa mwisho.

Mtu akitaka kubadilisha alama, ruksa, lakini ya kwanza haifutwi. Anaandika mpya pembeni na sababu: "nimekumbushwa jibu la hesabu ya marudio". Akiandika "nimekubaliana na mwenyekiti", namrudishia fomu.

Nikimaliza siku, napitia alama za mwanzo peke yake. Wasailiwa sita, maswali manne, watu wanne, haiwezekani wote waone sawa kila mahali. Nikikuta safu nzima haitofautiani hata alama moja, najua kuna mtu aliongea koridoni au wakati wa chai. Mtoa mada umeliona hilo bila kufundishwa: kabla mwenyekiti hajaingia 2, 4, 3, baada ya kuingia 4, 4, 4, 4.

Hilo la uso kusomwa nakiri sijalimaliza. Nilijaribu kumkalisha mwenyekiti pembeni, msailiwa akawa anageuza shingo. Nilijaribu kumwomba asiandike chochote mpaka mtu atoke, akasahau nusu ya majibu. Mwenye njia aniambie.

---

Mtu wa Jedwali

Sisi tumeacha karatasi, tunajaza kwenye jedwali la pamoja mtandaoni, kila mtu na safu yake. Hakuna kuongea, hakuna miguno. Tumetatua.

---

Bi Mafaili

Safu za wenzako unaziona ukiwa unajaza yako?

---

Mtu wa Jedwali

Ndiyo, zinaonekana zote.

...Ahaa.

---

Chuma Chakavu

😂😂 Huyo bosi wenu hata kuguna hahitaji, anatangulia kujaza tu.

---

Mshika Penseli

Bi Mafaili, swali la mwisho. Usaili wa wasailiwa sita ni siku nzima. Bora tuzungumze baada ya kila mmoja au tusubiri mwisho wa siku?

---

Bi Mafaili

Alama lazima zijazwe baada ya kila mmoja, hilo sina mjadala nalo. Ukisubiri jioni, wa pili na wa tatu wanachanganyika kichwani, na aliyefuatia msailiwa mbovu anaonekana malaika. Mjadala ndio unanigawanya. Ukijadili baada ya kila mmoja, kumbukumbu ni mbichi, lakini mwenyekiti akishasema "nataka mtu mchangamfu" kwa wa kwanza, watano waliobaki wanapimwa kwa uchangamfu hata kama fomu haiulizi. Mimi siku hizi nasubiri mwisho, nategemea yale maandishi ya kando. Mwenzangu mmoja anafanya kinyume na majopo yake si mabaya.

---

Mshika Penseli

Sawa. Jumanne tuna usaili mwingine na mwenyekiti ni yule yule. Sina ubavu wa kumwambia anyamaze. Nimeomba niwe mimi wa kuandaa meza, penseli zote nimezificha nimeweka kalamu za wino. Na nafasi ya "niliyoyasikia" nimeichapisha kwenye fomu, mistari mitatu kila swali. Nitarudi kuwaambia.

---

Kiti cha Mbele

Ukiniwekea mimi meza hiyo nitajua mara moja unamlenga nani 😅 Lakini nitajaza.

---

Nasubiri Barua

Wakuu bado hamjanijibu. Barua ya rufaa niandike au niache?