Tupeane uzoefu: mnaofuga paka ndani, kochi na minyoo mnavimudu vipi?

MamaZubeda
Habari za jioni wadau. Nina paka jike, kilo tatu na nusu, muda mwingi yuko ndani, hapa Tanga. Mambo mawili yananichosha. Kochi la sebuleni, pembe iliyo karibu na mlango, amelichana mpaka sponji linachungulia. La pili, nampa dawa ya minyoo, baada ya wiki tatu hivi naona tena vitu kama punje za mchele vimenata kwenye manyoya chini ya mkia, vingine vinajinyonga. Kula anakula kama kawaida. Mwenye uzoefu wa chakula, dawa, chanjo, chochote, alete.

Chogo_wa_Mtoni
Wangu anapigana na paka wa jirani juu ya bati usiku kucha, mtaa mzima haulali. Nimfungie?

MamaZubeda
Kaka, mie nauliza wa ndani na kochi lake 😅

Bi_Salma
Chogo, mhasi huyo, ugomvi utapungua. Turudi kwa Mama Zubeda.

Nyakato
Minyoo inaletwa na maziwa. Wangu nilimkatia maziwa, tumbo likatulia kabisa. Na dawa situmii zile za bei, nachukua albendazole ya mbuzi, namkadiria kwa jicho.

MstaafuMifugo
Nyakato, kwenye maziwa umepata nusu. Paka wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari ya maziwa, kwa hiyo wanaharisha, ndiyo maana tumbo lilitulia. Minyoo haitoki huko.

Mama Zubeda, hizo punje ni vipande vya tegu. Tegu wa paka wa ndani mara nyingi anapita kwa kiroboto. Mayai yake yanaanguka kwenye mkeka na kwenye kochi, buu wa kiroboto anayala, anakua nayo. Paka akijilamba anammeza kiroboto, na baada ya wiki tatu hivi tegu ameshakomaa, punje zinaonekana. Kwa hiyo yawezekana dawa yako ilifanya kazi, ila paka aliambukizwa upya palepale nyumbani.

Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, hasa kiunoni na shingoni. Vile viuchafu vyeusi weka kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Vikitoa wekundu, ni kinyesi cha kiroboto, maana kile ni damu.

MamaZubeda
Nimechana sasa hivi mzee wangu. Karatasi imekuwa na madoa ya kahawia yenye wekundu. Kumbe!

MstaafuMifugo
Basi fanya vyote ndani ya siku moja. Dawa yenye prazikwanteli, maana hiyo ndiyo inayoua tegu. Albendazole dhidi ya tegu huyu si ya kutegemea, na kwa paka inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Vidonge vingi vya paka ni kimoja kwa kilo 4, ila soma karatasi ya boksi lako. Kumpima, panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Siku hiyohiyo mpake dawa ya viroboto iliyoandikwa paka, tone la shingoni. Matandiko yafue kwa maji ya moto, anika juani, fagia chini ya makochi. Kiroboto aliye ndani ya kifuko chake anaweza kungoja wiki nyingi, kwa hiyo dawa ya shingoni usiiache mwezi wa kwanza tu. Endelea miezi mitatu hivi.

Bi_Salma
Na naomba niseme hili kwa sauti: poda au dawa ya tone ya mbwa yenye permethrini usimguse nayo paka. Dada yangu alipewa dukani, akaambiwa "inafaa wote". Jioni paka alianza kutetemeka masikio na miguu, akaanguka ubavu. Walimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, wakamkimbiza kwa daktari, akapona kwa bahati. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe msijaribu. Panadol vilevile, hata kipande ni sumu kwake.

Nyakato
Haya, albendazole naiweka kando. Chakula je? Wangu anakula ugali na dagaa, mbona ananenepa?

MstaafuMifugo
Ugali unamnenepesha, ila haumlishi. Paka anahitaji kitu kinaitwa taurini, ambacho kipo kwenye nyama na samaki. Kikipungua muda mrefu macho na moyo huharibika taratibu, hutaona kitu mwanzoni. Kinayeyukia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo supu ya dagaa usimwage, mchanganyie. Dagaa ziwe nyingi, ugali kidogo, na moyo wa kuku mara kwa mara. Vitunguu hapana, hata vya kwenye mchuzi.

Juma_Kariakoo
Mimi nampa chakula kikavu cha dukani na kuku wa kuchemsha bila mifupa. Kwenye chanjo nina kisa. Dada alikuwa na watoto wanne wa paka, wakachanjwa mara moja tu wakiwa wiki saba, wakaonekana wako salama. Mwezi uliofuata wawili walikufa ndani ya siku mbili, kutapika, kuhara, maji wanayatazama tu. Daktari akasema ni homa ya paka, ile ya virusi.

MstaafuMifugo
Pole. Kinga ya maziwa ya mama inaizima chanjo ya mapema, na hujui kwa mtoto gani itaisha lini. Ndiyo maana inarudiwa: wiki 8, 12 na 16. Virusi hivyo vinaweza kukaa sakafuni karibu mwaka, na vinaingia hata kwa viatu, kwa hiyo "hatoki nje" si kinga. Jiki iliyochanganywa na maji inaviua.

Ya kichaa cha mbwa anachanjwa akifikisha miezi mitatu, na hurudiwa baada ya mwaka.

Juma_Kariakoo
Mzee, ile ya homa ya paka kwa mkubwa, kila mwaka au kila miaka mitatu? Daktari wangu anasema kila mwaka.

MstaafuMifugo
Madaktari wenyewe hatujakubaliana. Kwa paka wa ndani aliyemaliza chanjo za utotoni na kurudiwa mara moja, mimi nafuata mitatu. Wako anamjua paka wake, msikilize.

FundiMakochi
Nimechelewa, lakini kochi ndilo eneo langu. Paka anavua ganda la nje la ukucha. Mama Zubeda, angalia chini ya pembe hiyo, utaokota vijiganda kama mwezi mchanga. Pia ananyoosha mgongo na kuacha harufu ya nyayo zake, kwa hiyo anachagua palipo wazi na pa kupitia, kama mlangoni. Ukimfukuza atahamia pembe nyingine.

Mtengenezee nguzo. Gogo au bomba nene, urefu wa sentimita 80 au zaidi ili ajinyooshe wima, kitako kizito kisiyumbe. Zungushia kamba ya katani, kaza, mwisho pigilia msumari ndani asijichome. Iweke palepale mbele ya pembe, siyo stoo. Akiizoea, isogeze kidogo kidogo. Kitambaa cha nyuzi nene anakipenda mno. Kile cha mahameli kilichofumwa kwa kubana hakimpi raha, mimi nawashonea wateja wenye paka hicho.

MamaZubeda
Nimeinua kochi, vijiganda vipo kibao 😂 Katani huku haisumbui kupata. Je, kamba ya nailoni ya kuanikia haifai?

FundiMakochi
Inateleza, ukucha haushiki. Yule wa mahameli alikataa pia lakini. Alihamia pazia.