Pleilisti za chaneli ya ufundi pikipiki: niweke jina la somo au jina la tatizo?

fundi_mbauda
Habari zenu wakuu. Nina chaneli ya Yutubu ya ufundi pikipiki, nipo hapa Arusha. Jumapili nataka nipange pleilisti nitume linki kwenye magrupu ya boda. Nimekwama kwenye jina: "Masomo ya Ufundi na Fundi Mbauda Sehemu ya 1" au "Pikipiki haiwaki asubuhi: sababu na jinsi ya kurekebisha". Nyie mngechukua lipi?

neema_usa_river
Hujasema video zipo ngapi, zinahusu nini, na unamlenga nani. Dereva au kijana anayejifunza ufundi? Hapo ndo jibu linapobadilika.

fundi_mbauda
Samahani dada. Zipo 34, kabureta, plagi, valvu, klachi, breki. Namlenga dereva. Sasa hivi zote nimezirundika sehemu moja inaitwa "Masomo".

kibosho_1
Chukua la kwanza, jina lako ndo litakutambulisha. Halafu kwenye maelezo jaza maneno: pikipiki, bodaboda, fundi, kabureta, rudia hata mara kumi. Ndo watu wanapata viu.

neema_usa_river
Kibosho maneno kuwepo kwenye maelezo ni sawa, ila kuyarudia mara kumi bila sentensi hapana, Yutubu wenyewe wanakataza kurundika maneno, na msomaji akiona vile anatoka. Fundi, hakuna anayeandika "Fundi Mbauda" kama hakujui. Saa kumi na moja alfajiri na baridi hii ya Julai mtu amepiga kiki mpaka mguu umechoka, anaandika "pikipiki haiwaki asubuhi", basi. Maneno yake yakae mwanzoni mwa jina kabisa, maana nafasi ni herufi 150 lakini kwenye simu mwisho unakatwa. Jina lako liweke mwishoni.

Maelezo nayo, sentensi mbili za kwanza ndo zifanye kazi. Mfano:

"Pikipiki inagoma kuwaka ikiwa ya baridi lakini ukiisukuma inawaka? Anza na video ya plagi, kisha choki, kisha jeti ndogo ya kabureta, mwisho valvu."

Mtu akisoma hapo anajua amefika penyewe na aanzie wapi. Na video ya kwanza lazima iwe ya plagi kweli, usianze na utambulisho wa gereji. Usiziweke zote 34 humo, chukua tano sita zinazojibu swali hilo moja. Breki ipate pleilisti yake.

boda_sakina
Fundi mimi yangu inamisi nikipanda mlima, tambarare iko poa. Ni plagi au?

neema_usa_river
Fundi umeona? "Inamisi nikipanda mlima". Hilo ni jina la pleilisti ya pili umeletewa bure.

fundi_mbauda
😂 Kweli. Boda_sakina safisha chujio la hewa kwanza, halafu fungua plagi uniambie rangi yake, nyeusi au nyeupe.

mzee_majengo_moshi
Wanangu niwaambie kilichonikuta. Nina chaneli ya kuku wa kienyeji. Pleilisti ya chanjo niliipa jina baya, nikaona niifute nitengeneze mpya yenye jina zuri. Kumbe linki ya zamani ilishasambaa magrupu ya wafugaji Moshi mpaka Same, kuna mtu aliichapisha mpaka kwenye karatasi akabandika duka la dawa za mifugo. Zote zikafa siku hiyo hiyo. Watu wakawa wananipigia, mzee mbona haifunguki? Nilihangaika wiki mbili kuwatumia mpya mmoja mmoja. Ningebadilisha jina tu, linki ingebaki ile ile. Fundi, hiyo "Masomo" usiifute, ibadilishe jina, zipunguze video.

neema_usa_river
Shikamoo mzee, hilo ni kubwa. Na kwenye magrupu tuma linki ya aina hii:

```
https://www.youtube.com/playlist?list=...
```

Ile yenye `watch?v=` inampeleka moja kwa moja kwenye video, maelezo uliyohangaika nayo hayaoni. Na hakikisha ipo `Public`, ikiwa `Unlisted` haitokei mtu akitafuta.

kibosho_1
Sawa, ila dereva wengi wanaandika "kabreta", wengine "kabuleta". Hapo inakuwaje?

fundi_mbauda
Gerejini wanasema kabreta. Niandike vibaya makusudi?

neema_usa_river
Fungua takwimu za video zako, chanzo `YouTube search`, utaona maneno waliyoandika. Lililo jingi liende kwenye jina.

kibosho_1
Mimi siwezi kuweka kosa kwenye jina, watadhani fundi hajasoma.

mzee_majengo_moshi
Wateja wangu wanaandika "kideri", na mimi nimeandika kideri, sikuweka Newcastle. Wananipata.

fundi_mbauda
Nimeangalia sasa hivi. Kabreta inaongoza, lakini "haiwaki" imezizidi zote mbili. Nabadilisha jina la "Masomo" leo. Boda_sakina, plagi ina rangi gani?

boda_sakina
Nyeusi tii.