Mrejesho: barua pepe ya kutuma wasifu na barua ya maombi

Niliuliza: "Wasifu na barua ya maombi nimeviambatisha. Kwenye barua pepe yenyewe niandike nini nisirudie yaleyale?"

Asanteni sana, wakuu. Nimeondoa shule, vyeti, orodha ya waajiri na wadhamini, maana vyote vimo kwenye wasifu. Aya ya kueleza kwa nini naipenda kampuni nimeiacha kwenye barua ya maombi. Kilichobaki ni hiki:

"Kichwa: Maombi ya kazi – Mhasibu Msaidizi, Mwanza

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Naomba nafasi tajwa hapo juu. Tangazo linahitaji mtu wa kufunga hesabu za mwezi. Kazi hiyo naifanya sasa kwa maduka matatu. Nimeambatisha barua ya maombi na wasifu (PDF 2). Naweza kuanza baada ya notisi ya siku 28."

Chini yake ni jina kamili na simu.

Sentensi ya maduka matatu ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu wasifu nao unayataja. Mlivyoeleza ni kwamba kugusa jambo moja ni sawa, mradi lijibu sharti kuu la tangazo. Kosa ni kunakili aya nzima, kwani msomaji akifungua kiambatisho na kukuta maneno yaleyale, huruka.

Idadi ya viambatisho nayo isiachwe: faili moja lisipofika, mpokeaji atajua kuna pungufu. Tangazo likitaka barua ya maombi iandikwe ndani ya barua pepe, mpango huu haufai. Hapo barua yote huwekwa humo, na kinachoambatishwa ni wasifu tu.