Vichwa viwili vya chaja, pini tatu: kipi feki kwa picha hizi?

Bahari22: Wakuu, A ilikuja ndani ya boksi la simu, B nimeuziwa peke yake. Jina ni moja, maandishi ni yaleyale. Maungio ya A hata ukucha haushiki. Ya B yamepinda na kona moja imeachia. Hilo linatosha kuhukumu?

Kibatari: Tazama alama ya CE. Herufi zikibanana ni feki, zikiachana ni halisi. Mimi huishia hapo.

FundiTaa: Kubanana kunatia shaka kweli, Kibatari, ila kuachana hakuthibitishi kitu. Anayenakili maandishi hunakili na nafasi zake. Mimi naanzia kwenye pini, kwa sababu hata feki lazima iingie kwenye soketi. Kwenye plagi hii ya pini bapa, katikati ya pini moja ya chini hadi katikati ya mwenzake ni milimita 22.2. Hiyo ndiyo rula yako ndani ya picha. Sasa pima kutoka ubavu wa pini hadi ukingo wa plastiki: isipungue milimita 9.5. Wengi wa feki hubana plastiki hapo, na vidole vinakaribia pini unapochomoa.

Tulia_K: Yangu inachaji polepole sana. Ni pini ndogo?

FundiTaa: Hapana, Tulia, pini haipunguzi kasi hiyo. Jaribu kwanza waya mwingine.

Bahari22: Nimepima. Kati ya pini ni pikseli 444 kwenye picha zote mbili, yaani pikseli 20 kwa milimita. Ukingo wa B ni pikseli 148, sawa na milimita 7.4. Lakini A nayo ni 182, yaani 9.1! Nayo feki?

FundiTaa: Ulipiga kwa karibu na ukapima kwenye ncha, sivyo? Ncha ziko mbele ya plastiki, kwa hiyo zinaonekana kubwa na plastiki nyuma inaonekana ndogo. Rudi nyuma kama mita moja, vuta kwa zumu, elekeza kamera wima, upime kwenye mashina ya pini.

Bahari22: Nimerudia. A ni 9.8, B ni 7.7.

Kibatari: Mbona pini ya juu ya B ina ganda jeusi kwenye shina kama zile za chini? Si ndiyo salama zaidi?

FundiTaa: Ganda hilo ni la pini mbili za chini tu. Ya juu iwe chuma kitupu, au plastiki tupu kama chaja haina waya wa ardhi. Kuivalisha ni dalili kwamba mtengenezaji alinakili umbo bila kujua sababu. Bahari, B usiichomeke tena.

Bahari22: Na A ni halisi basi?

FundiTaa: Imepita kwa nje. Nafasi kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa waya wa simu iko ndani, na picha haifiki huko.

Kibatari: Mimi bado nasema CE ya A imeachana vizuri.