Naomba ushauri: makovu ya mapafu kwa mfugaji wa kuku, Kimara

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Mama wa miaka 58, hajawahi kuvuta sigara, ana kikohozi kikavu na pumzi fupi kwa mwaka mmoja. Makohozi hayana kifua kikuu, ingawa alishapewa dawa zake (jambo la kawaida mno hapa Dar). Anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba na hufagia banda mwenyewe. Alipokaa kijijini wiki tatu, kikohozi kilipungua.

Picha ya CT ya vipande vyembamba inaonyesha makovu ya kati na juu, yakifuata mirija ya hewa ambayo imevutwa ikapanuka. Vishimo vya sega la asali chini, karibu na utando wa pafu, havipo. Vingekuwepo, ningeelekea kwenye makovu yasiyo na chanzo kinachojulikana. Kuna pia mabaka meusi na ya kijivu yaliyochanganyika.

Shida ni kwamba picha zote zilipigwa akiwa amevuta pumzi. Mabaka meusi yakibaki meusi akishatoa pumzi, hewa imenaswa kwenye mirija midogo, na mzio wa vumbi la ndege unapata nguvu. Yote yakigeuka ya kijivu, hoja hiyo inadhoofika.

Je, nimrudishe kwa vipande vichache vya pumzi ya kutoa kabla ya kuanza prednisoloni? Kuku nimeshashauri waondoke, lakini ndiyo kipato chake. Na manyoya yaliyobaki bandani, mnayashughulikiaje?