Naomba ushauri: shukrani za kila mwezi zisizofanana kwa wachangiaji wakuu

Ndugu wanachama, redio yetu ya jamii huwashukuru kwa SMS wasikilizaji waliotuma maoni mengi zaidi katika mwezi, na ujumbe huundwa na jedwali la Excel lenye jina na mada. Tatizo ni kwamba majirani huonyeshana simu, wakakuta sentensi ni ileile na kilichobadilika ni jina tu. Nilitumia RANDBETWEEN ichague kati ya violezo vinne, lakini huchagua upya kila jedwali linapoguswa, hivyo ujumbe niliouhakiki sio unaotumwa. Sasa nafikiria safu ambayo mtangazaji ataandika mwenyewe hoja moja ya kila mtu, mathalani “mbolea kuchelewa”, ingawa herufi 160 ni finyu. Je, mnazuiaje mtu kurudishiwa kiolezo cha mwezi uliopita?