Ushauri: makarani wangu wanasoma malipo ya wakulima kwa yeyote anayeuliza, kwenye kikao niwaambie nini?

Dada_Tandahimba
Habari zenu wanajukwaa. Nasimamia makarani wa chama cha msingi cha korosho huku Tandahimba, jumatatu nina kikao nao na nataka tuongelee hili tu. Msimu uliopita mume wa mwanachama wetu alikuja dirishani akauliza hela ya mke wangu imeshaingia? Karani anamjua toka utotoni, akafungua orodha akamsomea kilo na hela yote. Yule mama alikuwa hajamwambia mumewe maana hela alishaipangia ada, basi kufika nyumbani vurugu mpaka akahamia kwa kaka yake. Karani hadi leo ananiuliza kosa langu nini, si mume wake? Na wote wana tabia ya kupiga picha orodha ya malipo wanatupia grupu la wasap la kijiji eti watu wasisumbuke kuja ofisini. Nikisema ni siri ya ofisi wananiitikia sawa, kesho yaleyale.

Mnyangao2
Dada watajie sheria wataogopa. Ila kwenye picha wafiche namba ya akaunti tu, hayo mengine kijijini kila mtu anajua nani kavuna nini.

MzeeWaKaunta
Mnyangao kwenye sheria uko sawa, kwenye akaunti hapana. Nimefanya kazi kaunta ya benki Mtwara mjini miaka mingi, tapeli hahitaji akaunti yako. Anahitaji jina, simu na kilo. Anapiga, "mama fulani, zile kilo zako 640 malipo yamekwama kwenye mfumo, nitajie namba ya siri tuyaachie". Mtu akisikia kilo zake zimetajwa sawasawa anaamini ni ofisi, anataja. Na ndivyo utakavyojua orodha imevuja: wakija wanachama wawili watatu wiki moja wanasema waliopiga walijua kilo zao, usihangaike kutafuta mbali, ni ile picha.

Kuhusu yule mume, mwanangu, usianze na sheria. Wape makarani maneno ya kusema, kwasababu pale dirishani mtu anaona aibu kumkatalia jirani na akikosa la kusema anasoma tu orodha. Wafundishe hivi: "Shikamoo kaka, malipo namsomea mwenyewe tu, mwambie aje na kitambulisho chake au namba yake ya mkulima." Basi. Asiseme "imeingia lakini siwezi kukutajia kiasi", hapo keshasema. Hata "hajauza bado" ni jibu. Jibu liwe lilelile kwa aliyeuza na asiyeuza, kwa mume, mtoto, mwenyekiti wa kijiji, la sivyo ukikataa kwa mmoja tu anajua kuna kitu.

Akipiga simu mtu anasema ni mwanachama, karani akate ampigie yeye kwa namba iliyoko kwenye rejista, sio ile iliyopiga. Mgonjwa asiyeweza kuja aandike barua ya kumtuma mtu, na karani ampigie ahakikishe. Polisi akija na shida ya taarifa apelekwe kwako na alete maombi kwa maandishi, karani asijibu dirishani.

Binti_Ruangwa
Mimi nilikopa kwenye programu ya simu nikachelewa siku chache wakawapigia watu wote kwenye simu yangu mpaka mwalimu wangu mkuu, nilitamani ardhi ipasuke. Nawashtaki wapi?

MzeeWaKaunta
Pole sana binti. Hilo ni jambo jingine ila mlango ni uleule, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Tunza meseji na orodha ya waliopigiwa. Sheria ni ya 2022, imeanza kazi 1 Mei 2023, na dada waambie makarani kwamba mtu mmoja mmoja pia anabanwa: anayetoa taarifa kinyume cha sheria faini ni kuanzia laki moja hadi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10, au vyote.

Dada_Tandahimba
Asante sana mzee, yale maneno ya dirishani nitawafanyisha mazoezi palepale kikaoni, mmoja awe mume. Sasa orodha inayobandikwa ukutani? Wanachama wenyewe wanaidai, wanasema isipobandikwa viongozi watakula kilo.

MzeeWaKaunta
Hoja yao ni ya kweli, wizi wa kilo upo. Mimi ningebandika namba ya mkulima na kilo tu, jina na simu vibaki ndani, kila mtu alinganishe na risiti yake ya mzani.

Mnyangao2
Mzee, bibi yangu hajui kusoma, namba yake ataijuaje? Sisi kwetu jina likitoka ukutani watu watasema limefutwa makusudi. Na ukiona namba ya jirani mara moja kwenye risiti yake umeshamjua msimu mzima.

MzeeWaKaunta
Hapo umenishika. Simu itoke kwanza, hiyo haina mjadala. La jina lipelekeni mkutano mkuu wanachama waamue wenyewe.

Dada_Tandahimba
Mkutano uko mbele kidogo. Simu naitoa kesho, na kwenye grupu namwomba admini afute picha za msimu uliopita, ingawa najua wengine wameshazipakua.